Taa ya gesi inapepesa, gari limeng'ang'ania petroli

Gari yangu ni Fielder, niliiwekea mfumo wa gesi ya LPG mwaka jana. Asubuhi natoka Bamburi kwenda Changamwe na taa ya kijani kwenye swichi ya kubadilisha petroli na gesi inapepesa njia nzima. Haiingii gesi mpaka nakaribia kufika. Fundi asema ni baridi ya asubuhi. Baridi gani hiyo Mombasa?

Una haki ya kushangaa. Kwenye mifumo mingi ya injekta, taa inayopepesa maana yake kompyuta ya gesi imekubali umechagua gesi, ila inangoja masharti yatimie. Ikitulia, gari liko kwenye gesi. Sharti linalochelewesha watu zaidi ni joto la maji yanayopita kwenye ridusa. Gesi hutoka kwenye mtungi ikiwa majimaji, na ridusa ndiyo inayoigeuza kuwa mvuke. Kugeuka huko hunyonya joto jingi sana, hivyo ridusa isiyopata maji ya moto hugandisha barafu hata saa sita ya mchana. Mpira wa ndani hukakamaa, gesi isiyogeuka vizuri hupita mpaka kwenye injekta, na injini huanza kukohoa. Kwa hiyo kompyuta huwekwa isubiri, mara nyingi nyuzi 30 hadi 45.

Sasa piga hesabu. Gari lililolala nje Bamburi, maji yake asubuhi tayari yako kwenye nyuzi 25 au zaidi. Kutoka hapo hadi 40 ni dakika chache tu za kuendesha. Ukiwa umevuka daraja la Nyali na taa bado inapepesa, basi maji ya moto hayafiki kwenye ridusa, au yanafika na kompyuta haijui.

Anza na mkono. Endesha mpaka geji ya joto ikae mahali pake pa kawaida, simamisha, zima injini, fungua boneti. Usiguse kifuniko cha rejeta. Kwenye ridusa kuna paipu mbili za mpira zinazoleta na kutoa maji, na zote mbili zinatakiwa ziwe moto kiasi cha kushindwa kuzishika kwa muda. Zote zikiwa moto hivyo ilhali taa inapepesa, shida iko kwenye sensa ya joto au waya zake. Moja ikiwa moto na nyingine vuguvugu, kuna hewa au uchafu ndani ya ridusa. Zote zikiwa vuguvugu, maji yamepata njia nyingine.

Hilo la mwisho ndilo tunaloshuku kwako, kwa sababu ni ugonjwa wa magari ya Pwani. Ridusa huungwa kwenye paipu za hita ya ndani ya gari. Mombasa nani huwasha hita? Kiini cha hita kikianza kuvuja, fundi huona njia ya mkato: anazitoa paipu mbili pale zinapoingia ukutani mwa injini na kuziunganisha kwa kipande kimoja kifupi. Kabla ya gesi, hilo halikumdhuru mtu. Lakini kama ridusa imeungwa kwa tii, kile kiungo cha midomo mitatu, sambamba na hita, maji sasa yana njia mbili: kile kipande kifupi na kipana, na ridusa yenye mifereji myembamba. Maji hupita palipo rahisi. Ridusa hubaki na matone, na hupata joto polepole kutokana na injini iliyo jirani yake. Ndiyo maana yako inaingia gesi ukikaribia kufika.

Tazama ukutani nyuma ya injini. Ukikuta kipande kilichoziunganisha paipu za hita, dawa ni kuiweka ridusa kwenye mkondo mmoja: paipu inayotoka kwenye injini iingie moja kwa moja kwenye ridusa, na inayotoka kwenye ridusa irudi kwenye injini, bila tii na bila kile kipande. Hita hutaikosa. Kazi hii ifanywe injini ikiwa imepoa. Ukimaliza, jaza kulanti, washa injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, minyaminya paipu za ridusa kwa mkono mpaka viputo viishe, jaza tena, kisha ufunge. Ridusa ikiwa imefungwa juu kuliko rejeta, hewa hukaa humo kwanza, na maji yakipungua hata kidogo yeye ndiye wa kwanza kukauka.

Watu watakwambia pia habari ya themostati. Ni kweli mafundi wengi hapa huitoa wakidhani wanaipoza injini, na injini ya Fielder ya lita 1.5 imeundwa themostati ifunguke kwenye nyuzi 80 na kidogo. Ikitolewa, maji hupanda joto polepole na petroli huliwa zaidi, kwa hiyo irudishwe. Lakini kwa joto la Mombasa, kutokuwepo kwake peke yake hakutoshi kuzuia nyuzi 40 safari nzima. Ukibadilisha themostati ukaacha kile kipande cha paipu, utarudi kwa fundi wiki ileile.

Ikiwa paipu zote ni moto, ichomoe plagi ya sensa kwenye ridusa asubuhi kabla ya kuwasha injini, na uipime kwa mita. Sensa iliyoandikwa 4.7 hutoa kiloomu 4.7 kwenye nyuzi 25, hivyo kwa asubuhi yetu itasoma 4 na kitu. Joto likipanda, namba hushuka. Isiposhuka injini ikipata moto, sensa imekufa. Mita isiposoma kitu kabisa, waya umekatika, na kompyuta huona ridusa yenye baridi kali milele.

Yangu inaingia gesi bila shida, lakini nikikanyaga kupanda daraja inalia pii pii na kurudi petroli. Taa nne za kiwango zinaonyesha mtungi umejaa.

Taa za kiwango husoma boya la mtungini tu, na boya hilo hudanganya sana. Haziamui lolote kuhusu kubadilisha. Kompyuta husikiliza presha inayotoka kwenye ridusa, ambayo kwa mifumo mingi ni karibu ba 1 zaidi ya hewa iliyo kwenye manifoldi. Ukikanyaga, injini hudai gesi nyingi kwa ghafla. Isipofika kwa wakati, presha huanguka, na kompyuta hukurudisha petroli huku ikipiga kengele. Mlio huohuo hulia gesi ikiisha kweli, ndiyo maana wengi hukimbilia kujaza mtungi ambao haukuwa mtupu.

Kabla ya kununua chochote, fungua kifuniko cha mtungi na uangalie valvu ya mkono. Ikiwa imefungwa nusu, gari hutembea vizuri taratibu na hukosa pumzi mlimani. Ifungue polepole hadi mwisho. Ukiifungua kwa pupa, valvu ya usalama inayojifunga mkondo ukizidi hushika na gesi haitoki kabisa. Ikitokea hivyo, funga, ngoja kidogo, fungua tena taratibu.

Valvu ikiwa wazi, tafuta baridi. Simamisha gari mara tu baada ya mlio, fungua boneti, pitisha mkono karibu na bomba la shaba kutoka nyuma hadi kwenye ridusa. Mahali palipobanwa, gesi huanza kuchemka hapohapo na chuma huwa baridi, pengine kikatoa jasho au ukungu mweupe. Mara nyingi utapakuta kwenye valvu ya umeme mbele ya ridusa, ambayo ndani yake mna filta ndogo ya gesi ya majimaji. Hukusanya mabaki mazito ya gesi na vumbi la chuma. Kilomita 10,000 hadi 20,000 ndio umri wake, na ile kubwa inayofuata baada ya ridusa ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kuibadilisha ni hivi. Toka nje ya gereji, mahali penye upepo, bila moto wala sigara. Injini ikiwa kwenye gesi, funga valvu ya mtungi na uiache injini imalize gesi iliyo bombani mpaka gari lirudi petroli lenyewe. Zima injini, toa waya hasi wa betri, fungua polepole ile valvu ya umeme yenye filta, kwa maana mabaki yatafyuka kidogo. Weka filta mpya na mipira yake mipya ya duara, si ile ya zamani. Funga, fungua mtungi taratibu, unganisha betri, washa injini ihamie gesi, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likivimba, funga mtungi na urudie.

Filta mpya na mlio bado upo? Gari likihamia gesi, sikiliza: utasikia "tak" mbili karibu kwa pamoja, moja kwenye ridusa na moja nyuma kwenye mtungi. Inayonyamaza, pima koili yake. Nyingi husoma kati ya omu 8 na 13. Ikisoma vizuri, umeme haufiki kwake.

Swichi haina taa hata moja. Gari linakwenda na petroli tu.

Mfumo umekosa umeme. Fyuzi yake huwa peke yake karibu na betri, kwenye kishikio kidogo cha plastiki. Itazame, na uangalie pia waya wa ethi uliofungwa kwenye bodi. Hewa ya chumvi hapa hula hizo nyaya hadi zikageuka unga wa kijani. Kwangua, kaza, paka grisi. Usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyotoka. Ikiungua tena, kuna waya unaogusana, na hapo mwite fundi wa umeme.

Kwa kuwa naenda na gesi, naweza kuacha tangi la petroli likiwa tupu?

Hapana. Gari huwaka na petroli kila mara, na kwenye magari mengi pampu ya tangini huendelea kuzunguka hata uko kwenye gesi. Petroli ndiyo inayoipoza. Iendeshe kavu miezi kadhaa na utanunua pampu, pesa iliyozidi ulichookoa. Weka angalau robo, na mara moja kwa wiki tembea na petroli kilomita chache ili injekta zake zisishikane.

Ikiwa taa inaonyesha petroli na bado nasikia harufu ya gesi kwenye buti?

Usijaribu kulihamishia gari kwenye gesi, wala usibonyeze swichi yoyote. Simama nje, si kwenye gereji ya chini ya jengo wala karibu na mtaro, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hukaa chini. Zima injini, fungua milango na buti, funga valvu ya mtungi. Kisha mwite fundi aje ulipo. Mara nyingi ni kifuniko cha valvu kilicholegea au bomba la kupitishia hewa lililotoka, lakini apime kwa povu kabla ya kuwasha chochote.