Kadi ya Ulimwengu kwa aliyemaliza chuo: imefunga nini, na inayoifuata inasemaje

*"Wakuu habari. Nimemaliza digrii ya ualimu mwezi wa 7, sasa nipo home Masasi nasubiri mahafali na ajira. Nilivuta taroti kadi tatu kuuliza nini kinafuata, ikatoka Nane ya Sarafu, Ulimwengu katikati, na Mbili ya Vijiti mwisho, zote wima. Kila ninaposoma naambiwa Ulimwengu ni mafanikio makubwa. Mbona sioni mafanikio yoyote? Mwenye uzoefu anisaidie."*

Mdogo wangu, mimi nipo Mtwara mjini, huku Chuno, kadi nazichezea miaka sasa, na wanaonijia wengi ni nyie nyie wahitimu, hasa kuanzia mwezi wa 7 mpaka mahafali yapite. Nitakujibu kwa kirefu maana kadi zako zimekaa vizuri sana, ila wamekusomea nusu.

Kwanza tutoe hili njiani. Kadi haijui serikali inatangaza nafasi lini. Anayekwambia Ulimwengu umetoka kwa hiyo utaitwa kazini kabla ya mwaka mpya huyo anapiga ramli, tena ramli mbovu. Na wala usione muujiza kwamba imetoka: pakiti ina kadi 78, ukivuta tatu, uwezekano wa kadi yoyote unayoitaja kuwemo ni 1 kati ya 26, yaani ni jambo la kawaida tu. Faida yake ni kwamba inakulazimisha ukae na swali moja ukiliangalia kwenye picha badala ya kulizungusha kichwani usiku kucha.

Sasa chukua kadi yenyewe uiweke mbele yako. Naongelea ile ya Rider-Waite, iliyochorwa na Pamela Colman Smith ikatoka London 1909, ndo wengi wetu tunayo hata kwenye simu. Kuna mtu anacheza ndani ya duara la majani, kitambaa kimemzunguka, kila mkono una kijiti. Duara limefungwa utepe mwekundu juu na chini. Pembeni kwenye kona nne kuna kichwa cha mtu, tai, ng'ombe na simba. Namba yake ni 21, ya mwisho kabisa kwenye zile kadi kubwa 22, kwa sababu hesabu inaanzia sifuri, na sifuri ni Mjinga, yule kijana mwenye kifurushi begani anayetembea ukingoni mwa korongo na kambwa kake. Watu wengi wanaishia 21 wakapiga makofi. Mimi nikimsomea mhitimu naikumbuka sifuri kila mara, maana ukishamaliza 21 hakuna 22, unarudi kuwa Mjinga wa kitu kingine. Jana ulikuwa mwaka wa tatu unayeogopwa na fasti yia, leo ni mgeni ambaye hajui hata barua ya kuomba kujitolea inapelekwa kwa nani.

Kwa hiyo neno la kadi hii ni "imefungwa". Mafanikio ndo hayo, kitu kimefika mwisho wake kikafungwa juu na chini, na ndo maana huyaoni, wewe unatafuta mafanikio ya ajira wakati kadi inaongelea chuo. Waite, yule aliyeiandaa pakiti hii, kwenye maelezo yake kaipa maana ya mafanikio ya hakika na malipo, halafu akaongeza safari, njia, kuhama, kubadili mahali. Hiyo nusu ya pili ndo haipostiwi sana, na kwa mtoto wa Masasi ndo nusu yenye kazi.

Cha pili cha kuangalia ni imekaa nafasi gani, hapa ndo wengi wanapotea. Ulimwengu ukikaa nafasi ya nyuma unasema umeshafunga, acha kuishi chuoni. Ukikaa nafasi ya mbele, hapo usishangilie haraka, maana unasema kuna kitu bado hakijakamilika na kitakuja kukamilika. Wako uko katikati, nafasi ya sasa, yaani upo ndani ya duara hivi tunavyoongea: mitihani imeisha ila cheti hujashika, we sio mwanachuo na sio mwalimu. Kumbuka pia imetoka wima. Ingetoka kichwa chini ningekuuliza swali moja tu, nini hujamaliza? Maana yake ikiwa hivyo kwa Waite ni kudumaa, kukwama palepale. Kuna kijana wa Lindi alinijia nayo hivyo, akaapa kamaliza kila kitu. Nikamwambia sawa, nitajie kimoja kimoja: sapu? Hana. Ada? Kalipa. Kliaransi? Akanyamaza kidogo. Alikuwa na vitabu vya maktaba viko kwa rafiki yake, fomu ya kliaransi haijagongwa muhuri, na bila hiyo transkripti hatoi mtu. Miezi yote analalamika kazi hazipatikani wakati hana hata cha kuambatanisha. Kadi haikuliona deni la vitabu, ila picha ya duara lililogeuzwa ilitupa sababu ya kuuliza mpaka likatoka. Kwa hiyo hata wewe, pamoja na kwamba yako ni wima, pitia hiyo orodha kwanza halafu ndo usome maana nyingine.

Turudi kwenye mstari wako. Mwangalie mchezaji, uso kaugeuzia kushoto kwako, na ukizipanga kadi tatu kama ulivyozipanga, kushoto kwake kuna Nane ya Sarafu. Anaangalia kule alikotoka. Nane ya Sarafu ni fundi kakaa kwenye benchi anachonga sarafu moja, nyingine keshazitundika, na mji unaonekana kwa mbali nyuma yake. Hakuna anayemshangilia, anarudia rudia kitu kilekile mpaka mkono ukubali. Kwa mwalimu mimi hapo nasoma fildi. Sio GPA, fildi: maandalio ya somo, daftari za kusahihisha, darasa lililojaa mpaka dirishani, mkaguzi anakaa nyuma na fomu yake. Kadi mbili hizo pamoja zinasema kilichofungwa ni ufundi, mkono wako umeshajua kufundisha. Ingekuwa kushoto kuna kadi ya sherehe, mfano Tatu ya Vikombe, ningekwambia kilichofungwa ni maisha ya chuo na marafiki, na huzuni yako inatoka huko. Unaona tofauti? Ulimwengu wenyewe haukwambii nini kimeisha, anaulizwa jirani yake.

Sasa Mbili ya Vijiti, hii ndo nimeipenda. Mtu kasimama juu ya ukuta wa ngome anaangalia bahari, mkono mmoja kashika tufe la dunia, mwingine kashika fimbo. Fimbo ya pili iko pembeni imebanwa ukutani na pete ya chuma. Linganisha na yule wa katikati: mchezaji ana vijiti viwili na vyote viko huru mikononi. Huyu ana viwili, kimoja kimefungwa. Na ulimwengu uliokuwa umemzunguka mtu mzima sasa umekuwa tufe dogo linaloenea kiganjani. Kwa lugha nyingine, dunia umeimaliza kama mwanafunzi, sasa umeishika kama mpango tu, na huyu jamaa bado hajashuka ukutani. Anatazama. Kadi haijasema ameondoka, meli yake haipo kwenye picha. Wengi wataisoma kuwa "utasafiri", mimi nasema inauliza kile kijiti kilichobanwa ukutani ni kipi.

Kuna binti wa huku kwetu alipata karibu mstari kama wako, na yeye ualimu, alikuwa kaitiwa shule binafsi ya nje ya mkoa, mshahara mdogo ila chumba wanatoa. Nikamuuliza kijiti chako kilichofungwa ni nini. Kasema mikorosho. Baba mgonjwa, miezi ile ya kupulizia sulfa yeye ndo anasimamia, mfuko wa sulfa ukikosewa muda ubwiriunga unakula maua na mwaka mzima umepotea, halafu kuanzia mwezi wa 10 kuokota, kukausha, kupeleka chama cha msingi, kusubiri mnada. Na hela ya mnada ndo dawa za baba. Hiyo siyo uvivu wala woga, ni pete ya chuma kweli. Tulivyoliweka wazi hivyo swali likabadilika, likawa nani ashike shamba kuanzia mwezi wa kwanza mavuno yakiisha. Mjomba akakubali kwa mgawo. Akaomba ile shule imsubirie muhula mpya, wakakataa, ikabidi atafute nyingine, akapata Nachingwea. Ona kwamba kadi haikumpa shule ile. Ila alijua anaweza kuondoka lini na kwa sharti gani, na barua zake zote zikaandikwa kuanzia tarehe hiyo.

Wewe Masasi sijui kama una shamba, ila jiulize hilohilo na ujibu kwa jina la kitu, usijibu "hali ngumu".

Mwisho nikupe namna ya kuendelea, maana najua kishawishi kilichopo sasa hivi ni kuchanganya pakiti na kuvuta tena swali lilelile mpaka itoke unayoitaka. Usivute. Toa Ulimwengu kwa makusudi, uweke katikati mezani, changanya zilizobaki, halafu weka kadi moja kila kona kama zile sura nne. Wanaofuata unajimu wanazipa hivi: mtu ni ndoo, hewa, kwa hiyo kona ya juu kushoto soma umejifunza nini kichwani. Tai ni nge, maji, juu kulia, soma moyo, nini hutaki kukiacha. Ng'ombe chini kushoto ni ardhi, soma mfuko na mwili, nauli, chakula, nani anakulisha sasa. Simba chini kulia ni moto, unachokitaka hasa wewe, sio mama wala bodi ya mikopo. Kona inayotoa kadi inayogoma, au iliyogeuka kichwa chini, ndo upande ambao duara lako halijafungwa, anzia hapo.

Kwa wahitimu wa kwetu huku mara nyingi inagoma ya ng'ombe, hiyo haihitaji hata taroti kuijua. Ila ikigoma ya simba rudi hapa tuongee, maana nimeshaona watu wana cheti cha ualimu na hawataki kabisa kufundisha, na hiyo inasomwa tofauti na yote niliyoandika hapo juu. Na zivute ukiwa peke yako chumbani, mama akikuona na kadi sebuleni utaanza kuelezea ushirikina badala ya ajira.