Tangazo la mbwa aliyepotea: picha huwahi kuonekana, namba ndiyo huchelewa

Tuchukue mbwa wa kahawia mwenye kifua cheupe, amepotea maeneo ya Mafiati, Mbeya. Mwenye mbwa ana uwezo wa kutoa kopi za A4, nyeusi na nyeupe tu. Hapo kuna miundo mitatu ya kulinganisha, na tofauti zake unaweza kuzipima kwa rula.

Muundo wa kwanza ni ule uliozoeleka: neno TANGAZO juu, aya ya maelezo, picha ya sentimita 6 kwa 8, na namba ya simu mwishoni kwa saizi ya 24. Kwa saizi hiyo tarakimu ina urefu wa milimita 6. Kwa makadirio, zidisha urefu wa tarakimu mara 250 upate umbali ambao mtu ataisoma bila kukaza macho. Hapa ni mita 1.5. Maana yake lazima asogee hadi ukutani, na ukuta wenyewe umejaa waganga, vyumba vya kupanga na mikutano ya injili. Asiyejua kwamba kuna mbwa anatafutwa hana sababu ya kusogea.

Muundo wa pili unaacha karatasi ikiwa imesimama, lakini aya yote inaondolewa. Juu panaandikwa MBWA AMEPOTEA, katikati picha inajaza upana wote, chini namba inakwenda ukingo hadi ukingo. Namba zetu zina tarakimu 10. Ukizigawa nne, tatu, tatu kwa herufi nene za Arial, zinaingia kwenye mstari mmoja kwa saizi ya 85 hivi. Urefu unafika sentimita 2.1, na umbali wa kusoma unapanda hadi mita 5.

Wa tatu ni karatasi ileile, ila imelazwa. Upana ukiongezeka, namba inaingia kwa saizi ya 125: sentimita 3.1, karibu mita 8. Mtu anayepita upande wa pili wa barabara ya mtaani anaisoma bila kuvuka. Picha inapungua kidogo, kwa sababu kimo kilichobaki ni kama sentimita 11, na wengi hukataa muundo huu kwa hofu hiyo. Sisi tunauchagua. Umbo la mbwa hutambulika kwa mbali zaidi kuliko tarakimu yoyote ya ukurasa huohuo, kwa hiyo ukipunguza picha sentimita mbili hupotezi kitu, na ukiongeza namba sentimita moja unapata mita mbili na nusu.

Kinachoiua picha si udogo, ni mandhari yake. Picha nyingi hupigwa uani, mbwa wa kahawia juu ya udongo mwekundu. Kwenye kopi nyeusi na nyeupe rangi hizo mbili hutoka kijivu kilekile, na mbwa anamezwa na ardhi. Mwombe wa steshenari akate mandhari yote abaki mbwa peke yake juu ya weupe, kisha aongeze mwanga kidogo ili manyoya yasitoke bonge jeusi. Chagua picha ya ubavuni, amesimama, miguu minne na mkia vinaonekana. Picha ya uso inapendeza kwa mwenye mbwa, lakini wapita njia humwona mbwa mzima, tena akiwa anakimbia.

Kwa abiria wa daladala A4 haifai hata ukiipanga vipi. Gari la kilomita 40 kwa saa linakwenda mita 11 kwa sekunde, hivyo mita 8 zinaisha kabla ya sekunde moja. Kwa barabara kuu tumia manila nzima yenye rangi kali na maneno machache sana. Kat Albrecht, aliyekuwa polisi Marekani kabla ya kugeukia kutafuta wanyama waliopotea, anafundisha maneno 5, sekunde 5, kwa dereva wa maili 55 kwa saa.

Kabla ya kutoa kopi nyingi, bandika muundo mmoja kwenye ukuta wenye matangazo mengine. Mwite mtu ambaye hajauona, aanze mita 15 nyuma akisogea polepole. Weka alama anapomtaja mnyama, na nyingine anapoisoma namba yote. Muundo mwingine upime kwa mtu mwingine, maana aliyeshaona mbwa mara moja atamwona haraka mara ya pili hata kama muundo ni mbaya. Kisha mfunulie mtu wa tatu kwa sekunde 2, funika, uliza ameona nini. Akisema "tangazo" tu, kichwa na picha havijafanya kazi.

Akisoma namba na kuchanganya 6 na 8, kwa kawaida ni kopi iliyotolewa kwenye kopi: wino umeziba matundu ya tarakimu. Rudi kwenye faili la kwanza, uchape upya kutoka hapo.