Fremu ipo sentimita 2 kutoka kwenye waya, halafu unachukua uga wa katikati!

Wadogo zangu wa mwaka wa pili, Alhamisi nimesimama nyuma yenu maabara mkipima volteji ambayo mkondo wa waya mnyoofu unaizalisha kwenye fremu ya mizunguko, nikang'ata ulimi mpaka basi. Makundi matatu, makosa yaleyale tuliyofanya sisi. Naandika kabla hamjapeleka ripoti.

1. Chanzo cha mkondo kiwe waya, flaksi ihesabiwe kwenye fremu. M, yaani induktansi ya pamoja ya waya na fremu, ni ileile ukianzia upande wowote, lakini ukianza na fremu utakesha na integrali mpaka jogoo wa Uyole awike.

2. Hapa ndipo penye kidonda changu. Fremu yetu ilikuwa na mizunguko 200, upande wa sentimita 30 sambamba na waya, upana 18. Mkondo ampea 5, hezi 50. Mzigo ulikuwa hita ya wati 1150, na kwa baridi ya Mbeya mwezi wa sita, kila mtu alijitolea kukaa karibu na mzigo.

Nilianza na fremu ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye waya. Nikachukua uga wa sumaku katikati ya fremu, nikazidisha kwa eneo, nikapata milivolti 11.7. Multimita ikasoma 11.3. Nikajiona mwanasayansi. Kisha nikasogeza fremu mpaka sentimita 2. Hesabu yangu ikasema 31, multimita ikasema 42.

Nililaumu multimita. Nikaazima nyingine, 42. Nikalaumu umeme, kwamba unapanda na kushuka. Usiku ule hosteli, ripoti ikitakiwa asubuhi, nikafuta 42 nikaandika 31.2. Ndiyo, nilipika data. Tena niliongeza ile pointi mbili ili ionekane imepimwa.

Mwalimu wa maabara alisoma jedwali, hakufoka. Aliniita mezani, akaiweka fremu sentimita 2, akasema, "Haya mwanangu, nisomee." Nikasoma 42 kwa sauti ndogo kama ya mtu aliyemeza mfupa. Akachora mstari mmoja tu: ukingo wa karibu uko sentimita 2 kutoka kwenye waya, wa mbali uko 20. Uga unapungua kwa kadiri ya umbali, kwa hiyo ukingo wa karibu unapata uga mara kumi ya ule wa mbali. Thamani ya katikati, pale sentimita 11, haiwezi kuwa wastani, kwa sababu vipande vya karibu vinavuta wastani juu sana. Lazima ukate fremu vipande vyembamba sambamba na waya, ujumlishe:

```
M = (μ0 N L / 2π) ln((a+b)/a)
```

N ni idadi ya mizunguko, L upande ulio sambamba na waya, a umbali kutoka kwenye waya hadi ukingo wa karibu, b upana wa fremu. Weka a = 2 na b = 18: ln 10 ni 2.303. M ni mikrohenri 27.6, volteji milivolti 43.4. Njia yangu ya katikati ilitoa 18/11, yaani 1.636, mahali pa 2.303. Fremu ikiwa sentimita 20, ln(38/20) ni 0.642 na njia ya katikati inatoa 0.621, yaani karibu sawa, na ndiyo maana nilidanganyika: nilijaribu fomula mbovu mahali ambapo ubovu wake hauonekani. Nilirudia jaribio zima Jumamosi, peke yangu, bila hata hita maana kuna aliyekuja kuichukua. Nikatumia pasi.

3. L inakaa nje ya logi, b ndani. Igeuze fremu hiyohiyo, sentimita 18 ziwe sambamba na waya na upana uwe 30: eneo halijabadilika, lakini M inashuka hadi mikrohenri 20. Na a inapimwa kutoka kiini cha waya hadi katikati ya fungu la mizunguko. Kosea milimita 5 pale karibu, umepoteza asilimia 9 hivi. Anayeanzisha integrali kwenye sifuri atapata M isiyo na mwisho, na huyo nitamcheka hadharani.

4. Waya wa kurudi. Zile milivolti 42 badala ya 43.4 zilitokana kwa sehemu kubwa na waya wa kurudi, ambao tuliupitisha mita 4 ng'ambo, upande usio na fremu. Nao una uga wake, unaopunguza wa kwanza. Sasa, kundi la dirishani Alhamisi: fremu safi, hesabu safi, multimita inasoma milivolti 2. Wamebadilisha betri, wamebadilisha multimita, mmoja ameanza kukagua kama fremu imekatika. Nikawauliza, jamani, mkondo unarudi kupitia wapi? Wakanionyesha ekstensheni. Laivu na nyutro ndani ya ganda moja, zimelala kando ya fremu kama mapacha, moja inajenga na nyingine inabomoa. Nikawaambia wachane lile ganda, na kwanza wachomoe plagi. Hiyo ya plagi nilirudia mara mbili.