Maneno ya kugonga glasi kwa dada: picha ya zamani ina nini cha kusema?

*"Wakuu, dada yangu mkubwa anaolewa mwezi ujao. Nimepewa dakika mbili niseme neno kabla ya kugonga glasi. Nina picha yetu tuko wadogo, tumesimama tu, hakuna tukio lolote. Naitumiaje bila kuwachosha watu?"*

Mkuu, picha ya kusimama tu ndiyo nzuri. Nilifanya kitu hicho hicho kwenye harusi ya dada yangu, nikitumia picha tuliyopigwa Morogoro siku ya Krismasi, kwenye zile studio za pazia lililochorwa ngazi na maua. Tuko wawili, magauni ya kitambaa kimoja, mimi nimenuna. Ukiitazama haraka huoni la kusema zaidi ya "tulikuwa wadogo, tulipendana", na hayo kila mtu ukumbini anaweza kuyasema kuhusu ndugu yake.

Kwa hiyo acha nyuso, tazama mikono. Mbele ya kamera mtoto hupanga uso kama alivyoambiwa, lakini mikono husahaulika. Kwenye picha yetu mkono wa kushoto wa dada unaonekana, wa kulia hauonekani. Umepita nyuma yangu. Nilidhani ananikumbatia, mpaka nilipomuuliza mama. Kumbe zipu ya gauni langu ilifumuka pale mlangoni kwa mpiga picha, nikaanza kulia kwamba siingii, na dada akasema yeye ataishika kwa nyuma. Picha nzima anashikilia nguo isinivuke!

Hapo ndipo maneno yako yalipo: kile ambacho kamera haikukiona. Na huwezi kukipata peke yako, hasa kama ulikuwa mdogo kiasi cha kutokumbuka. Geuza picha usome nyuma, mara nyingi kuna muhuri wa studio au mwandiko wa mzazi wenye mwaka. Kisha uliza watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake: nani alitupeleka, kwa nini siku ile, nini kilitokea kabla na baada. Mama yangu alisema zipu ilifumuka mlangoni, shangazi akashikilia kwamba fundi hakuishona vizuri tangu mwanzo. Mimi nilichukua lile walilokubaliana wote wawili, kwamba dada aliishika. Ukisimulia jambo ambalo shangazi mtu atalipinga kwa sauti kutoka meza ya pili, umekwisha.

Nilichosema ni hiki, nakiweka chote ili uone urefu wake:

*"Itifaki imezingatiwa. Wazazi wetu wa pande zote mbili, shikamooni.*

*Mmeiona hiyo picha. Aliyenuna ni mimi. Aliyesimama kama mwalimu wa zamu ni bibi harusi wetu. Nataka mtazame mkono wake wa kulia. Hamuuoni. Uko nyuma yangu, umeshika gauni langu, kwa sababu zipu ilifumuka na mimi nilikuwa nimegoma kuingia. Mpiga picha hakujua. Mimi mwenyewe nimekuja kujua ukubwani.*

*Ada yangu ya kidato cha tano, mkono wake ulikuwa nyuma. Baba alipolazwa, sisi tulionekana mbele tukipokea wageni, mkono wake ulikuwa nyuma.*

*Shemeji, karibu kwetu. Nakuomba jambo moja tu. Siku utakapomwona dada ametulia, anatabasamu, na mkono mmoja huuoni, usidhani amepumzika. Pita nyuma, umsaidie kushika.*

*Naomba tusimame. Glasi juu. Kwa dada na shemeji: mshikane!"*

Hayo hayafiki maneno mia mbili, na ukisema taratibu, ukiacha nafasi ya vicheko, dakika mbili zinatosha. Angalia picha yenyewe imechukua sehemu ndogo kiasi gani. Sikueleza pazia, sikueleza Krismasi, sikutaja viatu. Baada ya picha nilitaja mambo mawili tu ya ukubwani yanayofanana na ule mkono, tena kwa kifupi, halafu nikamgeukia shemeji. Wengi humsahau bwana harusi kabisa. Wanamwaga sifa za dada yao mpaka upande wa pili unajiuliza kama umealikwa. Ile "itifaki imezingatiwa" pia usiione ndogo. Ukianza kuwataja mwenyekiti wa kamati, wazee wa kanisa, wajomba na mabosi wa ofisini, dakika yako ya kwanza imeondoka.

Kuhusu lipi la kuficha: mkumbuke mkwe. Picha ya dada yuko uchi kwenye beseni inachekesha nyumbani, lakini mbele ya baba mkwe siyo. Jina la utani la utotoni vivyo hivyo, muulize kwanza. Na kama kwenye picha yupo mzazi aliyefariki, fikiria sana. Bibi harusi akianza kulia, zoezi la shampeni limegeuka msiba, na mshereheshaji atahangaika kuurudisha ukumbi. Mimi nilimtaja baba kwa sentensi moja kwa sababu alipona na alikuwa amekaa pale pale. Angekuwa hayupo, ningechagua mfano mwingine.

Picha yenyewe ipige kwa kamera ya simu ukiwa karibu na dirisha mchana, bila mwanga wa kamera, maana karatasi ya zamani inang'aa na utapata doa jeupe usoni. Kama iko kwenye fremu, itoe kwenye kioo. Lakini kama imeganda kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu, usiibandue kwa nguvu, itachanika uso. Funua nailoni taratibu, uipige hapo hapo. Ukimtumia mtu wa skrini kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo inapungua ubora na watu wa nyuma hawataona mkono unaousema. Mwambie aiweke kabla hujafungua mdomo, waitazame kidogo kimya, kisha aiondoe ukianza kumsemesha shemeji. Ikibaki, macho yote yatabaki kule na shemeji yako utakuwa unamsemesha peke yako.

Ongea na mshereheshaji mapema kuhusu mpangilio. Wahudumu wawe wamemimina kwenye meza zote kabla hujaitwa, na wasiotumia kilevi wawe na soda au juisi mkononi, hakuna anayependa kuinua glasi tupu. Waambie watu wasimame kabla ya sentensi yako ya mwisho. Ukisema sentensi kwanza, kelele za viti zitaimeza.

Mwisho, mikono yako mwenyewe: maiki mmoja, glasi wa pili, karatasi itakaa wapi? Mimi nilikariri, na glasi nikampa mpambe anishikie hadi pale pa "naomba tusimame".

Kaa na picha yako leo, kisha rudi hapa utuambie mikono yenu iko wapi na nani aliwapeleka kupigwa. Ukiyaleta hayo mawili, tutakusaidia kuandika.