Soketi Ikianza Kuwa Kahawia, Usiipanguse

Juzi dada mmoja anayesoma makala zangu alinitumia picha ya soketi ya jikoni kwake, akauliza dawa gani inaondoa doa. Nilikaa na ile picha muda mrefu, maana miaka sita iliyopita mama mdogo aliniuliza swali hilohilo nami, fundi wa umeme mzima, nikamjibu, "Pangusa tu, mama, ni moshi wa jiko." Wiki mbili baadaye plagi ya birika iliyeyuka ikagandana na soketi, pazia likashika moto. Yeye alishanisamehe. Mimi bado inaniuma.

Itazameni picha kama mimi. Doa lilizunguka tundu moja tu, la chini kulia, ambalo ndilo la laivu. Rangi ilikuwa nzito ukingoni mwa tundu, ikififia kadiri inavyotoka nje. Masizi ya jiko hayachagui tundu. Hapo joto linatoka ndani: aidha kishikio cha pini kimelegea, au skurubu ya waya kwa nyuma.

Wengi hunibishia kwamba fyuzi ingekatika. Ndugu zangu, haikatiki! Birika la wati 2000 kwa volti 230 linavuta takriban ampea 9, na fyuzi ni ya 13, kwa hiyo haioni kosa lolote. Lakini pale palipolegea pakiwa na ukinzani wa nusu omu tu, zinazaliwa wati 40 hivi za joto. Ni sawa na kufungia balbu ya zamani ya wati 40 ndani ya ukuta.

Pembeni ya picha niliona pia ekstensheni imeviringwa na kufungwa kwa mpira, imebeba pasi na friji. Waya uliokunjwa hivyo hauna pa kutolea joto. Ukunjue wote, na pasi ichomekwe ukutani peke yake.

Nilimwambia asiguse plagi kwanza. Azime meinswichi, ndipo achomoe na kuangalia pini. Moja ilikuwa nyeusi. Basi plagi nayo ibadilishwe pamoja na soketi, kwa sababu pini iliyoungua itaunguza soketi mpya vilevile. Meinswichi ibaki imezimwa hadi fundi afike, naye apime kwanza kabla ya kugusa waya. Na kama unasikia mlio wa kukwaruza au kuna moshi, na meinswichi iko upande wa moto, toka nje na watu wako. Maji usimwage kabisa.

Fundi wake alikuta skurubu ya laivu inazunguka kwa kidole. Shaba ilikuwa imepauka na kukauka kwa urefu wa kidole kizima, akaikata hadi penye shaba inayong'aa ndipo akafunga soketi mpya. Angefunga juu ya ile iliyoungua, doa lingerudi.