Mfululizo uko kwenye picha: usome vizuri kwanza, kisha upime hadi ncha zote mbili

Msomaji mmoja amenitumia picha ya ukurasa wa daftari, swali likiwa juu na jibu lake chini. Swali linataka x zote zinazofanya mfululizo utulie, yaani jumla yake ielekee namba moja, pamoja na nusukipenyo cha eneo la x hizo. Anauliza kwa nini amepata nusu tu ya alama wakati uwiano wake umetoka sawasawa. Ni kweli, uwiano umetoka sawasawa. Ila jibu liliishia kwenye −1 < x < 4, na nusukipenyo akaandika 5. Hapo kuna makosa mawili, na yote mawili yametokea baada ya kazi anayodhani ndiyo ngumu kwisha. Nayaona makosa haya mara nyingi sana, na yananiuma, kwa sababu anayeyafanya huwa kigezo anakijua. Basi tulifanye swali hilohilo toka mwanzo hadi mwisho.

Anza na picha yenyewe. Usiguse kalamu ya kukokotoa kabla hujaunakili mfululizo kwenye mstari mmoja, kwa mabano kamili, kama hivi:

```
jumla, n = 1 hadi ∞:   (-1)^n * (2x - 3)^n / (n * 5^n)
```

Kunakili huku kunakulazimisha uamue kila alama ni nini na imesimama wapi. Picha iliyopigwa kwa pembeni, au yenye kivuli cha mkono, huharibu kwanza vitu vidogo, na kwenye mfululizo vitu vidogo ndivyo vinavyoamua jibu. Tazama ile n iliyo juu ya 5. Ikionekana imeshuka kidogo, utasoma n · 5n, yaani 5n². Hapo kipeo kimepotea, na pamoja nacho imepotea ile 5 iliyokuwa inapanua eneo. Uwiano utakupa |2x − 3| peke yake, na jibu litakuwa x kuanzia 1 hadi 2, ncha zote mbili zikiwemo. Huo ni mfululizo mwingine kabisa, nao una hesabu safi isiyokupa dalili yoyote kwamba umepotea.

Kuna pia alama ya faktoria. Nukta ya uchafu karibu na n, au 1 iliyoandikwa vibaya, huweza kusomeka n!. Faktoria ikiwa kwenye asili ya sehemu, uwiano unashuka hadi 0 na mfululizo unatulia kwa kila x. Ikiwa kwenye kiasi, unatulia pale tu mabano yanapokuwa 0. Kwa hiyo ukipata jibu la "kila x" au la "x moja tu", rudi kwenye picha, ikuze, uhakikishe kwamba faktoria ipo kweli.

Chini ya sigma napo patazame, maana mara nyingi hukatwa na ukingo wa picha. Kama hujui n inaanza na 0 au 1, asili ya sehemu itakusaidia. Hapa kuna n peke yake chini, kwa hiyo n = 0 ingekuwa kugawa kwa sifuri. Lazima inaanza na 1 au zaidi. Mwanzo huo haubadilishi eneo ambamo mfululizo unatulia, lakini unabadilisha jumla yenyewe.

Sasa kigezo. Kigezo cha uwiano, ambacho Mfaransa d'Alembert alikichapisha mwaka 1768, kinauliza jambo moja: neno linalofuata ni mara ngapi ya lililotangulia, bila kujali alama, n inapokuwa kubwa mno? Kikomo cha uwiano huo kiite L. L ikiwa chini ya 1, jumla inatulia kwenye namba moja. Ikiwa juu ya 1, haitulii. Ikiwa 1 kamili, kigezo hakisemi lolote.

Neno la n ni (−1)^n (2x − 3)^n / (n · 5^n). Kupata neno linalofuata, kila penye n weka n + 1, na ukiweka, weka kwa mabano. Kisha gawa, halafu chukua thamani kamili ya jibu:

```
| a(n+1) / a(n) | = |2x - 3|^(n+1) / ((n+1) * 5^(n+1))  *  (n * 5^n) / |2x - 3|^n
                  = (|2x - 3| / 5) * ( n / (n+1) )
```

Ile (−1)^n imeyeyuka kwa sababu thamani kamili haijali alama. Vipeo vimekatana, vikabaki |2x − 3| moja juu na 5 moja chini. Kilichobaki na n ni n/(n+1) tu: kwa n = 9 ni 0.9, kwa n = 99 ni 0.99, na kikomo chake ni 1. Kwa hiyo L = |2x − 3| / 5.

Usiziondoe zile alama mbili za thamani kamili. Anayeziacha huandika (2x − 3)/5 < 1, anapata x < 4, na upande mzima wa kushoto unapotea. Ukiandika |2x − 3| < 5, maana yake ni −5 < 2x − 3 < 5. Ongeza 3 kila mahali: −2 < 2x < 8. Gawa kwa 2: −1 < x < 4.

Hapa ndipo penye kosa la nusukipenyo. Msomaji aliiona 5 upande wa kulia wa |2x − 3| < 5 akaichukua. Lakini nusukipenyo hupimwa kwa x ikiwa peke yake, bila kizidishi. 2x − 3 ni sawa na 2(x − 3/2), kwa hiyo sharti letu ni |x − 3/2| < 5/2. Kitovu ni 3/2, nusukipenyo ni 5/2. Njia ya kujikagua ni rahisi: umbali kati ya ncha zako mbili ni 4 − (−1) = 5, na nusukipenyo lazima kiwe nusu ya umbali huo. Kama hakilingani, kuna kizidishi cha x ulichokisahau.

Zimebaki ncha, na hapa naomba utulivu wako wote. Kwenye x = −1 na x = 4, L ni 1 kamili. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu tumezipata ncha kwa kuuliza L inafika 1 wapi. Hivyo kurudisha kigezo cha uwiano kwenye ncha ni kazi bure, kitakupa 1 daima. Unahitaji kigezo kingine, na unakianza kwa kuiweka x kwenye mfululizo wa asili, ule ulionakili kutoka kwenye picha pamoja na (−1)^n yake.

Weka x = 4. Mabano yanakuwa 5, 5^n inakatana na 5^n, inabaki (−1)^n / n, yaani −1 + 1/2 − 1/3 + 1/4 na kuendelea. Alama zinabadilishana, ukubwa unapungua kila hatua, na unaelekea 0. Hayo matatu ndiyo masharti ya kigezo cha Leibniz, na yote yametimia. Mfululizo unatulia, kwa hiyo 4 imo.

Weka x = −1. Mabano yanakuwa −5. Sasa (−1)^n mara (−5)^n ni 5^n, kwa kuwa alama mbili za kutoa zinafutana kwa kila n. Inakatana na 5^n ya chini, inabaki 1/n: 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea. Huu hautulii. Hoja yake ni ya Nicole Oresme wa karne ya 14: 1/3 + 1/4 inazidi 1/2, maneno manne yanayofuata, 1/5 hadi 1/8, nayo kwa pamoja yanazidi 1/2, manane yanayofuata vilevile, na hivyo bila mwisho. Ukiongeza nusu nyingine na nyingine milele, hakuna namba itakayokuzuia. Kikokotoo hakitakuonyesha hili, kwa sababu maneno 1,000 ya mwanzo yanafikisha takriban 7.49 tu, na milioni moja takriban 14.39. Anayebonyeza namba akaona zimekwama ataandika kwamba unatulia, naye atakuwa amekosea. Kwa hiyo −1 haimo.

Hapo ndipo unapoona thamani ya ile (−1)^n kwenye picha. Ikifunikwa na kivuli, L haibadiliki hata kidogo, −1 na 4 zinabaki palepale, lakini ncha zinabadilishana hali: −1 inaingia, 4 inatoka. Kuikosa alama hiyo hakutaonekana popote kwenye hatua za uwiano. Itaonekana kwenye ncha, na kwa anayeziruka ncha haitaonekana kabisa.

Jaribio la nje ya eneo nalo linafaa kufanywa, maana linazuia tabia mbaya ya kuhukumu kwa maneno machache ya mwanzo. Chukua x = 5. Mabano ni 7, na ukubwa wa neno la n ni 1.4^n / n. Kwa n = 1 ni 1.4, kwa n = 2 ni 0.98, kwa n = 3 ni kama 0.91. Yanapungua! Lakini la nne ni 0.96, la tano karibu 1.08, la kumi 2.89, na la ishirini linapita 41. L ilikuwa 7/5 tangu mwanzo, nayo ilishasema hautulii. Uwiano unapimwa n ikiwa kubwa. Maneno matatu ya kwanza si ushahidi.

Jibu liandikwe hivi: mfululizo unatulia kwa −1 < x ≤ 4, au kwa mabano (−1, 4], kitovu ni 3/2 na nusukipenyo ni 5/2. Chini yake weka mstari mmoja kwa kila ncha: kwenye x = 4 ni (−1)^n / n, unatulia kwa Leibniz; kwenye x = −1 ni 1/n, hautulii. Mistari hiyo miwili, pamoja na nusukipenyo sahihi, ndiyo nusu ya alama aliyoikosa msomaji wetu.

Kwa mfululizo huu una bahati ya kujikagua zaidi, kwa sababu ndani ya eneo lake jumla ni −ln((2x + 2)/5). Weka x = 2: maneno manne ya kwanza ni −0.2 + 0.02 − 0.002667 + 0.0004, yaani kama −0.1823, na −ln(1.2) ni −0.1823 vilevile. Weka x = 4, unapata −ln 2, kama −0.693, namba halali. Weka x = −1, ndani ya ln panabaki 0, na ln ya 0 haipo.