Beji zinazosomeka kutoka mita tatu na foleni isiyokwama mlangoni

Swali: Tunaandaa mkutano wa watu 600. Mwaka jana tulikuwa na meza nne za kupokea wageni, lakini nusu saa baada ya ufunguzi bado watu walikuwa nje wakisubiri beji. Majina tuliyaandika kwa pointi 20, na kwenye skrini yalionekana makubwa, ila ukumbini hakuna aliyeweza kuyasoma bila kumwinamia mwenzake kifuani. Je, safari hii tuchapishe beji zote mapema au tuweke printa mlangoni? Na jina liwe na ukubwa gani?

Jibu: Nitaanza na ukubwa wa jina, kwa sababu uamuzi huo ndio utakaoamua pia jinsi meza zenu zitakavyofanya kazi. Beji husomwa mara mbili: kwanza na mhudumu anayeitafuta ndani ya boksi, kisha na mtu anayekutana na mwenye beji ukumbini, na wote wawili wanatafuta neno moja tu, yaani jina ambalo mtu huitwa.

Jicho lenye uwezo wa kawaida, likiwa umbali wa mita tatu, huanza kutambua herufi yenye kimo cha takribani milimita nne na nusu. Huo ni mpaka unaopimwa kliniki, ambako msomaji ametulia, mwanga ni mzuri na ubao hausogei. Ukumbini mwenye beji anatembea, kadi inayumba, taa ziko juu ya kichwa, na msomaji hataki kuonekana anakodoa macho. Kwa hiyo mimi huzidisha kimo hicho kwa karibu mara mbili na nusu hadi tatu, na kulenga milimita 12 kwa herufi kubwa inayoanza jina.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu pointi hazipimi herufi yenyewe, bali zinapima nafasi nzima iliyotengewa herufi za fonti, pamoja na mikia ya herufi kama g na y. Katika fonti ya Arial, herufi kubwa huchukua takribani asilimia 72 ya nafasi hiyo. Pointi moja ni milimita 0.353, hivyo pointi zenu 20 zilitoa herufi ya milimita tano tu, ambayo kwa kipimo nilichokitaja inasomeka kwa raha kutoka mita moja na robo hivi. Ndiyo sababu watu waliinamiana. Ili kupata milimita 12 mnahitaji pointi 48.

Pointi 48 zinahitaji upana, na upana ndio unaoamua ukubwa wa kadi. Ninapendekeza karatasi ya A6 iliyosimama, yenye upana wa milimita 105. Mkiacha milimita sita kila upande, jina linabaki na milimita 93. Jina kama Juma, kwa Arial nene ya pointi 48, linachukua milimita 44 na halina shida yoyote. Mwanahamisi ni habari nyingine: m na w ni herufi pana mno, na jina zima linafikia milimita 110. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kushusha ukubwa wa majina yote hadi lile refu kuliko yote litoshe, na hivyo mtu mmoja mwenye jina refu anawapunguzia wengine 599. Mpangilio sahihi ni kila jina lipungue kwa kadiri ya urefu wake lenyewe. Mwanahamisi litatosha kwa pointi 40, ambapo herufi ya kwanza bado ina milimita 10, na huo ndio uwe mpaka wa chini usiovukwa. Jina lisilotosha hata kwa pointi 40 libadilishiwe fonti iwe Arial Narrow nene, ambayo hupunguza upana kwa karibu moja ya tano bila kugusa kimo. Jina lisikatwe katikati kwa kistari hata kidogo, bali likiwa na maneno mawili ligawanywe katika mistari miwili.

Mabishano kuhusu kuandika jina lote kwa herufi kubwa sioni kama yanastahili muda mwingi. Mwanahamisi kwa herufi kubwa tupu lingeshuka hadi pointi 35 ili litoshe, chini ya mpaka wetu, hivyo litahitaji Arial Narrow, lakini kila herufi itakuwa na kimo sawa na ile ya kwanza, kwa hiyo faida na hasara zinakaribiana. Chagueni njia moja na muifuate kwenye beji zote. Jambo lisilo na mjadala ni rangi: wino mweusi juu ya eneo jeupe, na nembo ya mkutano ipungue hadi itoshe sehemu ya chini. Jina la pili liandikwe chini ya la kwanza kwa pointi 24 hivi, na taasisi kwa pointi 16.

Kabla ya kuchapisha chochote, tafuteni majina marefu. Katika lahajedwali, majina ya kwanza yakiwa safu ya B, ongezeni safu yenye fomula hii, kisha pangeni orodha kuanzia namba kubwa:

```
=LEN(B2)
```

Chapisheni majina 10 ya juu kwa ukubwa halisi, bila kuiruhusu printa ipunguze ukurasa ili utoshe karatasi, kwa kuwa mpangilio huo huiba milimita kimyakimya. Pimeni herufi kwa rula. Kisha bandikeni kadi ukutani kwa kimo cha kifua na mumwombe mtu asiyeijua orodha asome kutoka mita tatu, katika mwanga wa ukumbi wenyewe. Anayelijua jina hasomi bali hukisia, na jaribio lake halina maana. Wakati huohuo angalieni majina yenye ritifaa, kama Ng'wanza, maana faili iliyohifadhiwa vibaya hugeuza alama hiyo kuwa vijidudu. Hifadhini orodha katika usimbaji wa UTF-8, muifungue kwa usimbaji huohuo, na tatizo hilo halitatokea.

Jina liwekwe juu kwenye kadi, chini kidogo tu ya tundu la kamba. Sababu ya kwanza ni kwamba mtu akiketi, sehemu ya chini ya beji hufichwa na meza. Sababu ya pili inahusu foleni: kadi zikisimamishwa ndani ya boksi, mhudumu huzipekua kwa vidole na kusoma ukingo wa juu pekee. Akiona jina kubwa mara moja hahitaji kuitoa kadi, na hapo ndipo sekunde zinapookolewa.

Tuzihesabu sekunde hizo. Tuseme kati ya watu wenu 600, watu 420 wanafika ndani ya dakika 45 za mwisho kabla ya ufunguzi, yaani sekunde 2,700. Mhudumu akitumia sekunde 45 kwa kila mgeni atahudumia 60. Meza nne zitahudumia 240, na saa ya ufunguzi itawakuta 180 wakiwa bado nje, nao watahitaji dakika 34 zaidi. Hesabu hii inafanana sana na yaliyowapata. Mkishusha muda hadi sekunde 15, mhudumu mmoja anafikisha watu 180, na meza tatu zinawamaliza wote huku ya nne ikibaki kwa kazi nyingine.

Muda huo haushuki kwa kumhimiza mhudumu aharakishe, bali kwa kumwondolea kazi. Kadi ziingizwe kwenye mifuko ya plastiki siku iliyotangulia. Kamba zisifungwe humo, kwa sababu kamba 600 ndani ya maboksi hujisokota na kila beji inatoka na ndugu zake watatu. Zitundikeni kwenye fimbo hatua chache baada ya meza, mgeni ajifungie mwenyewe akiwa ameshaondoka kwenye foleni. Saini, mifuko ya nyaraka na maswali kuhusu ratiba vihamishiwe mbali vilevile.

Kadi zipangwe kwa jina lile lile lililoandikwa kubwa. Orodha ikipangwa kwa jina la ukoo ilhali beji inaonyesha la kwanza, mhudumu hupekua boksi kwa kufuata jina asiloliona ukingoni. Majina yetu yana ugumu wa ziada, kwani mtu mmoja hujiandikisha kwa jina la baba, mwingine kwa la babu, na wote wakiulizwa mezani hutaja jina la kwanza. Msigawe meza kwa kuhesabu herufi za alfabeti, maana A na M hubeba watu wengi na Q karibu haibebi mtu. Gawanyeni orodha iliyopangwa katika mafungu matatu ya watu 200, kisha msome herufi zilizoangukia kwenye mipaka. Mabango ya herufi hizo yawe juu ya vichwa, na kimo cha herufi kisipungue milimita 40 ikiwa mkia wa foleni utakuwa mita 10 kutoka mezani. Mtu akiligundua kosa la foleni akiwa wa tatu kutoka mbele, anaanza upya na kuwavuruga wengine.

Meza ya nne ndiyo ya printa, na hili ndilo jibu la swali lenu la kwanza. Beji za waliojiandikisha zichapwe mapema, kwani orodha yenu inajulikana na kuitoa kadi iliyo tayari ni haraka kuliko kutafuta jina kwenye kompyuta, kuhakiki tahajia, kuchapisha na kuingiza mfukoni. Printa iwahudumie waliochelewa kujiandikisha, wenye majina yaliyokosewa na wanaoingia kwa niaba ya wengine. Mhudumu wa mojawapo ya meza zile tatu asiyeiona kadi baada ya kupekua mara moja amwelekeze mgeni huko bila mjadala, kwa sababu mgeni mmoja mwenye tatizo la dakika nne huwasimamisha watu 16 walioko nyuma yake. Hali ingekuwa tofauti kama usajili wenu ungebaki wazi hadi asubuhi ya mkutano na nusu ya majina yangebadilika. Hapo ningeshauri printa kila meza, na foleni moja inayogawanyika mwishoni, maana meza yoyote ingeweza kumhudumia mgeni yeyote.

Printa ya lebo inayotumia joto badala ya wino inafaa kwa meza hiyo: hutoa lebo kwa sekunde chache na haina wino wa kuisha. Udhaifu wake ni kwamba karatasi yake huwa nyeusi ikiachwa juani au ndani ya gari lenye joto, ingawa kwa mkutano wa siku chache si neno. Za mapema zichapwe kwa printa ya leza, kwa kuwa wino wa maji hutambaa ukiguswa na jasho.

Mwisho, chapisheni jina pande zote mbili za kadi. Beji iliyoning'inia kwa ndoano moja hujigeuza, na upande mtupu hausomeki hata kwa pointi 200. Gharama inayoongezeka ni ya kuchapa upande wa pili tu, karatasi ni ile ile. Msijaze upande huo ratiba. Wekeni ratiba kwenye karatasi ndogo iliyopachikwa kati ya kadi na mfuko, ambayo mwenyewe anaweza kuichomoa.